Siku niliyomwaga maharagwe mezani: nilivyoeleza pensheni ya bob 25 kwa chama chetu cha sokoni

Mimi nauza nyanya na vitunguu soko la Kangemi, na kwa chama chetu ndio mimi mweka hazina, tuko wamama 23. Mwaka juzi mwenyekiti aliniambia nisimame niwaelezee wenzangu hii maneno ya pensheni ya hiari, ile unaweka kidogo kidogo kwa simu, kwa sababu eti mimi ndio niliwahi kujiunga na moja. Nilisimama mara mbili. Mara ya kwanza niliharibu kabisa, mara ya pili ikashika, na najua kuna mwingine huko ataambiwa asimame kama mimi, so wacha niseme vile ilienda.

Kwanza hiyo pensheni yangu ya zamani, maana makosa yalianzia hapo. Alikuja kijana wa mauzo na mwavuli hapo karibu na steji, akachukua namba ya kitambulisho, dakika tano nikawa mwanachama. Mfuko wenyewe sitautaja. Nilikuwa naweka bob 20 kwa siku, lakini natuma mara moja kwa wiki, 140. Nikaenda hivyo wiki 30, yaani 4,200, halafu mtoto akaingia sekondari nikaacha, na nikiacha sikuangalia tena. Baada ya miaka miwili hivi nikaitisha taarifa ya akaunti nikakuta 3,310. Dooh, nililia. Nilikuwa natarajia pesa imeongezeka na kumbe imerudi nyuma.

Nilifuatilia nikaelewa vitu viwili. Cha kwanza, mara tano nilikosea tarakimu moja ya kitambulisho wakati wa kutuma, na namba ya kitambulisho ndio ilikuwa namba ya akaunti, so 700 zangu zikaenda kukaa mahali hazina mwenyewe. M-Pesa ilinitumia meseji kwamba pesa imefika, na kweli ilifika, lakini kwa mfuko, si kwa jina langu. Ile meseji ya mfuko wenyewe, ile inasema akaunti ya fulani imepokea, haikuja hizo siku tano na mimi sikushtuka. Nilikuwa nimefuta meseji karibu zote, nikapata tatu tu, wakanirudishia 420 baada ya kunizungusha wiki sita. Cha pili ni ada ya mwaka. Walikuwa wanakata hata kama siweki, na ukiwa na elfu tatu ada ya kawaida tu inameza faida yote na inang'ata kidogo ya ile yako. Haikuwa wizi, iliandikwa kwa fomu, ni mimi sikusoma.

Sasa fikiria mtu mwenye hiyo historia ndio anaambiwa afundishe.

Hotuba ya kwanza nilitoa Jumapili jioni, ukumbi wa kanisa, wamama wamechoka. Nilikuwa nimepewa karatasi yenye rangi na picha ya mzee na bibi yake wanacheka. Nikasoma vile ilivyo. Nikasema uwekezaji, nikasema mafao, nikasema ukianza leo baada ya miaka 20 utakuwa na karibu laki nne, na hiyo laki nne nikairudia kama mara tatu kwa sababu niliona ndio tamu. Kimya. Halafu mama wa omena akauliza, hiyo laki nne naweza kukopa nikipata shida? Nikasema hapana. Shosho anayeuza nduma akauliza, na nikifa kabla ya hiyo miaka 20? Sikujua. Mwingine akasema hii ni kama zile piramidi za 2006 na 2007, dada yake alipoteza pesa ya shamba, walianza hivi hivi na karatasi ya rangi. Hapo ndio mkutano ulikufa. Watu wakaanza kuvuta mikoba.

Nilienda nyumbani na hasira, nikiwaona wakaidi. Ilinichukua siku kadhaa kukubali kwamba maswali yao matatu yalikuwa sawa na mimi ndio nilikuwa na karatasi. Hata kosa la laki nne lilikuwa langu, na hilo nitalieleza vizuri kwa sababu ndilo lilibadilisha kila kitu.

Nikaanza kuuliza. Nikajua hizi pensheni ndogo ndogo si kitu kipya hapa kwetu. Kulikuwa na Mbao iliyozinduliwa 2011, ilianzia kwa watu wa jua kali, na jina ni lile la mtaani, mbao ni bob 20, maana hicho ndicho kiwango cha siku. NSSF nao wana Haba Haba, bob 25 kwa siku, unajisajili kwa *303#, na ukishachangia miaka mitano unaruhusiwa kuchukua mpaka nusu ya ulichoweka. Chama chetu mwishowe kiliangalia hiyo ya pili, si kwa sababu ni malaika, ni kwa sababu wengi walikuwa tayari wanaijua NSSF kwa waume au watoto wao.

Hotuba ya pili nilifanyia sokoni kwenyewe, saa nane mchana wakati wateja wamepungua, juu ya meza ya mama wa nafaka. Sikubeba karatasi. Nilibeba gorogoro moja ya maharagwe meupe na moja ya mekundu.

Niliwaambia hivi. Punje moja ni elfu moja. Meupe ni pesa yako mwenyewe umetoa kwa aproni, mekundu ni faida. Tunauza siku sita, Jumapili tunapumzika, so bob 25 mara sita ni 150 kwa wiki, ambayo ikizunguka mwaka ni 7,800, kama 650 kwa mwezi. Tufanye mfano wa faida ya asilimia 8 kwa mwaka. Nikasema mara mbili kwamba ni mfano, hakuna mtu amekuahidi, faida inatangazwa mwaka ukishaisha na kuna mwaka itakuwa juu na mwingine chini. Na mtu akikuja hapa akuahidi asilimia kubwa kila mwezi bila kukosa, huyo ndio piramidi, mfukuze.

Tukahesabu miaka kumi. Meupe 78, mekundu 41. Wakasema aah, sawa. Halafu nikaendelea miaka kumi ingine, bob 25 ile ile, hakuna kuongeza. Meupe 78 tena. Nikamwambia mama wa nafaka aongeze mekundu mpaka nimwambie aache, akahesabu, akahesabu, ikafika 186 za hiyo miaka kumi ya pili peke yake. Watu wakasogea. Mmoja akauliza, mbona hii ya pili imezaa hivi na pesa ni ile ile? Nikamwambia ni kama kuku. Mwaka wa kwanza unahesabu mayai ya kuku mmoja, baadaye vifaranga navyo vinataga, lakini ukila kuku katikati hakuna vifaranga. Ile faida ya miaka ya mwanzo haikutoka, ilibaki ndani ikazaa ingine. Ndio maana aliyeanza na miaka 30 na aliyeanza na 40 hawako sawa hata wakiweka bob ile ile, na ndio maana mtu akitoa katikati anaumia kuliko anavyofikiria, anatoa kuku si mayai.

Basi pale mezani kulikuwa na punje 383. Yaani laki tatu na themanini na kitu, ile ile niliyoita laki nne Jumapili ile. Ningeishia hapo wangepiga makofi.

Lakini nikauliza, debe la nyanya miaka 20 iliyopita lilikuwa ngapi? Wote wakacheka, kila mtu akasema bei yake. Nikasema hiyo ndio inakuja kwa hizi punje pia. Bei zikipanda asilimia 5 kila mwaka, kitu cha bob 100 leo kitakuwa kama 265 baada ya miaka 20. Nikaweka mkono nikasukuma punje kando, nyingi, mpaka zikabaki 144. Nikawaambia hii ndio laki tatu na themanini yenu ikipimwa kwa unga wa leo. Na ukitaka kuila pole pole miaka 15, ni bob 800 kwa mwezi.

Kimya ingine, lakini hii ilikuwa tofauti. Nilidhani nimeua tena. Shosho wa nduma ndio alivunja, akasema, hiyo 800 ni unga, sukari na tokeni za stima, mimi saa hii nasubiri kijana wangu atume na hatumi. Halafu akauliza swali ambalo karatasi ya rangi haingeleta kamwe, mtu afanye nini ili hizo punje zisisukumwe?

Jibu ni kwamba bob 25 isibaki 25. Kila Januari unaongeza vile bei zimepanda, mwaka wa pili 26 na kitu, mwaka wa tatu 27 na kitu, mwisho wa miaka 20 utakuwa unaweka kama 63, na wakati huo 63 itakuwa ni kama 25 ya leo mfukoni. Ukifanya hivyo, kwa mfano ule ule wa asilimia 8, zinabaki kama punje 210 za leo badala ya 144. Anayeweza kuanza na 50 anazidisha mara mbili. Lakini hakuna njia bob 25 itakulea uzeeni peke yake, na anayesema hivyo anakuuzia mwavuli.

Naamini ni hiyo 800 ilileta watu, si laki nne. Mama wa sokoni anajua bei, ukimpa namba nzuri sana anashika mkoba.

Maswali yaliendelea, mengine makali. Mama mmoja wa matunda, ana akili ya biashara kutuzidi wote, akasema hiyo 150 ya wiki akiongezea kwa mzigo wa Marikiti inazaa kuliko asilimia 8 zako. Nikakubali, ni kweli. Kreti ya nyanya ikienda vizuri inaweza kukupa faida siku moja kuliko pensheni mwaka mzima. Lakini kreti inataka uamke saa tisa usiku, ubebe, upigane na makanga, usimame mpaka jioni, na siku mgongo ukikataa hiyo faida inakataa pia. Hii pesa nyingine haitaki mgongo. Nikamwambia pia kitu sikuandikiwa na mtu, kwamba mwenye mkopo wa simu unaokata kila wiki aulipe kwanza, kwa sababu hakuna pensheni inazaa haraka kama ule mkopo unavyokula. Wamama wanne hawakujiunga siku hiyo kwa sababu hiyo na sikuwabembeleza.

Kuhusu kukopa, nilijifunza nisishindane na chama. Chama ndio cha kukopa, mtoto akiugua usiku unapiga simu kwa mwenyekiti. Hii ingine ni ya kufungiwa, na kufungiwa ndio kazi yake. Nilipoacha kusema pensheni ni bora kuliko table banking, wazee wa chama wakaacha kunipinga.

Swali la wizi lilitaka muda. Nikaeleza vile sheria ya 1997 iliyoanzisha RBA, ile mamlaka inayosimamia mifuko ya pensheni, inataka kazi zigawanywe. Kuna wadhamini ambao ndio wanasimama kwa niaba ya wanachama, kuna anayeandika vitabu, kuna anayeamua pesa iwekezwe wapi, na kuna benki inayoshika mali yenyewe. Nikalinganisha na mzigo wetu, kwamba dalali si mwenye stoo na mwenye stoo si mwenye kitabu, so mmoja akitaka kuiba lazima wengine waone. Si kwamba haiwezekani pesa kupotea, uwekezaji ukienda vibaya faida inashuka, lakini ni tofauti na piramidi ambapo mtu mmoja ana stoo, kitabu na ufunguo. Kabla ya kujiunga na mfuko wowote uliza kama umesajiliwa na RBA, na usimwulize anayekusajili, waulize RBA wenyewe.

Na lile la nikifa. Hii nilikuwa nimeenda kuuliza mahali panafaa. Pesa ya pensheni haingii kwa mali ya marehemu inayogawanywa kortini, inalipwa kwa wale uliowaandika kwa fomu ya warithi, kupitia kwa wadhamini. So ile fomu ni kitu kizito kuliko watu wanavyodhani. Nikawaambia kila mmoja aende aangalie ameandika nani. Mama mmoja aliyekuwa ameandikishwa NSSF zamani akifanya kazi kiwandani alikuta jina ni la mume wa kwanza, waliachana kitambo na mtu ana bibi mwingine na watoto watatu. Alibadilisha wiki hiyo hiyo. Hatukucheka mbele yake.

Sasa vile tunaweka. Wamama walitaka mimi nikusanye 150 ya kila mtu nitume pamoja, wanipunguzie kazi ya kuandika kitabu mara mbili. Nilikataa na naomba mweka hazina yeyote akatae. Ukituma pesa ya watu 19 kutoka kwa simu yako ni wewe utabeba kila tarakimu iliyokosewa, na siku moja utakuwa na mgonjwa nyumbani na pesa ya watu kwa simu. Tunachofanya, kila Jumatatu saa nane tunakutana kwa meza ya nafaka, kila mtu na simu yake na kitambulisho mkononi, anasoma namba kwa sauti na jirani anaangalia kabla hajabonyeza PIN. Shosho hana miwani mizuri, jirani anamsomea, lakini PIN anaweka mwenyewe. Halafu tunasubiri meseji mbili, ya M-Pesa na ya mfuko. Ikija moja tu tunaandika kwa daftari, na hatufuti. Kwa mwaka wa kwanza tulipata hitilafu nne, zote zilirekebishwa ndani ya mwezi kwa sababu meseji zilikuwepo. Kutuma mara moja kwa wiki badala ya kila siku ni kwa sababu ya kusahau. Na angalia makato ya kutuma kwa kiwango chako, kama yapo, maana bob tano juu ya 150 si kitu kidogo, ni zaidi ya asilimia tatu imeenda kabla hujaanza.

Kitu sikutabiri ni mapengo. Kwa hesabu ya maharagwe kila mtu anaweka wiki 52. Mama wa matunda, yule yule aliyenipinga (alijiunga kimya kimya, hakusema na mtu), nilikaa naye na daftari lake mwisho wa mwaka. Aliruka Januari yote kwa sababu ya karo, akaruka wiki nne za mvua ya Aprili soko likiwa matope, na Agosti alizika mjomba huko Vihiga akaruka nne zingine. Ilikuwa 5,850 badala ya 7,800, robo nzima imekosekana. Akiendelea hivyo miaka 20, zile punje 383 ni kama 287, na zile 144 za leo ni 108, yaani bob 600 kwa mwezi si 800.

Hatukumgombeza. Tulichobadilisha ni kwamba Novemba na Desemba, wakati nyanya na vitunguu vinatoka, anayeweza anaweka 300 kwa wiki badala ya 150, hiyo inafunika Januari. Na mzunguko wa chama wa Desemba, kila anayepokea anatoa 600 hapo hapo kabla pesa haijafika nyumbani. Mwaka huu yeye ameruka wiki tano tu.

Tulianza 19, saa hii tuko 16 wanaoweka. Wawili walihama soko na mmoja aliacha kwa sababu mume alisema ni upuuzi, ingawa daftari lake bado liko kwangu na juzi aliniuliza kama salio linaonekana kwa simu yoyote ama lazima iwe laini ile aliyosajilia. Nilimwambia aje Jumatatu saa nane.